Picha Mezani: Kujiandaa na Mtihani wa Kuzungumza Kijerumani Ngazi ya B1

Kabla hujatumia jioni zako kueleza picha kwa Kijerumani, ujue kwanza ni mtihani gani unaokungoja. Vijana wa Rumonge wanaojifunza lugha hii husema tu kwamba wanaenda "kufanya B1", na wengi hudhani B1 ni mtihani mmoja. B1 ni kiwango, kile cha kati, na taasisi mbalimbali hutoa cheti chake kila moja kwa mtihani wake. Kusoma, kusikiliza na kuandika hufanana kwa kiasi fulani. Kuzungumza ndiko kunakotofautiana, na hapo ndipo mtu anaweza kujiandaa kwa bidii na bado akakuta mezani kitu asichokizoea.

Mtihani ambao wengi wa ukanda wetu hufanya kabla ya kusafiri ni ule wa Taasisi ya Goethe. Umbo lake la sasa lilianza kutumika mwaka 2013. Mnaingia wawili, wewe na mtahiniwa mwenzako, mbele ya watahini wawili. Kabla ya hapo mnapewa dakika 15 za kujiandaa kwa karatasi na kalamu, bila kamusi wala simu. Mnapoingia, kwanza mnapanga jambo pamoja, kwa mfano kumtembelea mwenzenu aliyelazwa hospitalini. Kisha kila mmoja anatoa maelezo mafupi juu ya mada aliyoichagua kati ya mbili, akifuata kurasa tano zilizochapishwa. Mwisho mnaulizana maswali juu ya mada hizo. Yote huchukua kama robo saa. Hapo hakuna anayekuambia "eleza picha hii", ingawa kurasa za mada huwa na vijipicha.

Picha yenyewe utaikuta kwenye mtihani unaofanywa na wahamiaji ndani ya Ujerumani baada ya kozi ya uraia mwema na lugha, unaojulikana kwa herufi DTZ. Mtu aliyeondoka Nyanza-Lac au Rumonge kumfuata mume au mke huko ataukuta huo. Hakuna muda wa kujiandaa. Unawekewa picha, mtahini anakuuliza unaona nini na ni hali gani inayoonyeshwa, halafu anauliza wewe mwenyewe umepitia nini katika jambo hilo na kwenu likoje. Mtihani wa telc wa B1 nao hukupa karatasi yenye picha na maneno machache ya mtu anayetoa maoni yake, ili umsimulie mwenzako kisha mjadiliane.

Ushauri wangu ni kwamba ujizoeze picha hata kama mtihani wako ni wa Goethe, na sababu si ya kukupa mazoezi ya ziada tu. Tazama zile kurasa tano za mada. Ya kwanza inakutaka uitambulishe mada na mpangilio wa maelezo yako, ya pili usimulie uliyoyapitia wewe, ya tatu ueleze hali ilivyo nchini kwenu, ya nne utaje faida na hasara na maoni yako, ya tano umalize na kushukuru. Ukurasa wa pili na wa tatu ni yaleyale maswali yanayofuata picha kwenye mtihani wa wahamiaji. Na mada hiyo ina alama 40 kati ya 100 za kuzungumza, ambapo kufaulu kunahitaji 60. Anayeweza kutoka kwenye picha ya ugenini na kufika kwenye maisha ya Rumonge bila kukatika sauti amekwisha kuishika sehemu kubwa ya mtihani wa Goethe pia.

Kosa linalowaangusha wengi kwenye picha ni kuhesabu vitu. Mtahiniwa anasema kuna mwanamke, kuna mtoto, kuna meza, kuna kikombe, kuna dirisha, kisha ananyamaza na kumtazama mtahini. Kila sentensi ni sahihi, lakini hakuna kilichosemwa. Mtahini anasikiliza kama unaweza kuunganisha mambo, kusema nani anafanya nini, wapi, na kwa nini unadhani hivyo. Kwa hiyo jicho lako linahitaji njia ya kupita, na njia hiyo iwe ileile kila siku mpaka isikudai kufikiri.

Anza na sentensi moja inayotaja mahali au hali nzima. Halafu mchukue mtu aliye mbele na useme yuko wapi na anafanya nini. Nenda kwa aliye karibu naye. Gusa kilicho nyuma kwa sentensi moja, na kama nyuma hamna cha maana, kiache. Baada ya hapo ingia kwenye kukisia: hali ya hewa, saa, uhusiano wa watu hao, wanavyojisikia, kilichotokea kabla ya picha kupigwa. Kukisia ndiko kunakoonyesha kiwango chako. Mtu wa A2 husema anachokiona, na wa B1 anatarajiwa kusema anachokidhania na kutoa sababu.

Njia hii inadai sarufi kidogo tu, lakini hiyo kidogo lazima iwe imara. Ya kwanza ni nafasi ya kitenzi. Ukianza sentensi na mahali, kitenzi hufuata papo hapo, na mtendaji huja baada yake: "Auf dem Foto sehe ich eine Frau". Wengi wetu husema "Auf dem Foto ich sehe", kwa sababu Kiswahili na Kifaransa havituzuii kuweka mtendaji kwanza. Na kwa kuwa kwenye picha karibu kila sentensi huanza na mahali, kosa hili moja hujirudia mara kumi ndani ya dakika mbili, na mtahini hawezi kulipuuza.

Ya pili ni mahali penyewe. Sisi tukisema mezani, sokoni au ziwani, kiambishi ni kilekile, awe mtu ametulia hapo au anakwenda hapo. Kijerumani hubadilisha kitambulishi: mtu aliyekaa kwenye benchi ni "auf der Bank", anayekwenda kukaa ni "auf die Bank". Kwenye picha watu mara nyingi wametulia, kwa hiyo unahitaji zaidi umbo la kutulia. Usihangaike kujifunza kanuni yote kwa mpigo. Shika vipande vinane au kumi kama vilivyo, "im Vordergrund" kwa mbele, "im Hintergrund" kwa nyuma, "in der Mitte" kwa katikati, "auf der linken Seite" kwa upande wa kushoto, "neben dem Mann", "vor dem Haus", "am Tisch", "am Ufer", uviseme mpaka ulimi uvikubali.

Ya tatu inatuhusu sisi hasa. Kiswahili kina "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, na Kirundi nacho hakiwatenganishi. Kwenye mazungumzo ya kawaida unaweza kupita bila kugundulika, lakini picha ina watu, na kila mtu utakayemtaja utamrudia kwa "er" au "sie". Nimesikia wanafunzi wenye msamiati mzuri wakimwita mwanamke "er" katikati ya maelezo, kisha wakajisahihisha, kisha wakavurugika kabisa. Dawa yake ni ndogo: usimtaje mtu kabla hujaamua mwanzoni ni nani, na mpe sentensi mbili au tatu mfululizo kabla ya kuhamia kwa mwingine. Anayerukaruka kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke na kurudi ndiye anayechanganya.

Sasa mazoezi. Watu hutafuta picha za Berlin mtandaoni na kuanza nazo. Mimi nakushauri uanze na ufukwe wa kwenu. Nenda asubuhi mahali mitumbwi inaporudi na ndagala, piga picha kwa simu, ukiomba ruhusa kwa wanaoonekana. Sababu ni kwamba swali la mwisho la mtahini litakuwa juu ya kwenu, na hapo ndipo msamiati wa vitabuni unapokwisha. Vitabu vya kozi vitakufundisha friji, lifti na pipa la taka za karatasi. Havitakufundisha kusema kwamba dagaa huanikwa, kwamba mawese hukamuliwa, kwamba wavuvi huenda usiku na taa. Maneno hayo ni lazima uyatafute mwenyewe, na ni machache. "Der Fischer" ni mvuvi, "das Netz" ni wavu, "trocknen" ni kukauka au kukausha, "das Palmöl" ni mawese, "das Ufer" ni ukingo wa ziwa. Ziwa letu wao huliita "der Tanganjikasee".

Chukua picha ya wanawake watatu wakianika ndagala kwenye kichanja. Sentensi ya kwanza itakuwa "Auf dem Foto sehe ich drei Frauen am Ufer", naona wanawake watatu ukingoni mwa ziwa. Ya pili, "Sie breiten kleine Fische auf einem Gestell aus, damit sie in der Sonne trocknen": wanatandaza samaki wadogo kwenye kichanja ili wakauke juani. Angalia jinsi "damit" ilivyosukuma kitenzi mpaka mwisho. Ukiweza kutoa sentensi moja ya aina hiyo katika kila picha, umeonyesha muundo wa B1 bila kujilazimisha. Kisha unakisia: mbingu ina mawingu, huenda mvua ikanyesha, kwa hiyo wanaharakisha. "Der Himmel ist grau. Vielleicht regnet es bald, deshalb beeilen sie sich." Kila mtu wa Rumonge anajua mvua inavyoharibu ndagala walioanikwa, na kwa kuwa unalijua jambo, akili inabaki na nafasi ya kushughulikia lugha.

Jirekodi kwenye simu dakika mbili, halafu usisikilize siku hiyo. Kesho yake chukua karatasi tupu, sikiliza rekodi bila kutazama picha, na uchore ulichokisikia, tena uchore kile tu kilichosemwa. Ukishindwa kujua kichanja kiko upande gani au wanawake wamesimama ama wameketi, basi hukueleza mahali wala tendo. Zoezi hili halihitaji mwalimu. Likifanywa na wawili ni bora zaidi, mmoja aeleze, mwingine achore bila kuona picha na awe na haki ya kuuliza kwa Kijerumani. Kama pale ulipo hakuna mwingine anayesoma lugha hii, mpe mdogo wako kazi ya kushika saa na kukuchagulia picha usiyoijua. Hata asipoelewa neno, atakuambia ulinyamaza wapi, na kimya kirefu ndicho kitu cha kwanza cha kupunguza.

Ukiisha kuzoea picha za kwenu, hamia kwenye picha za kwao, na hapa nataka tupite pamoja kwenye moja. Tuseme unawekewa picha ya jukwaa la kituo cha treni. Mbele yuko mwanamke kijana mwenye sanduku kubwa anayetazama simu. Karibu naye mzee ameketi kwenye benchi akisoma gazeti. Nyuma treni inakuja. Watu wamevaa makoti mazito.

Burundi haina reli, na asiyewahi kufika Kigoma huenda hajaona kituo cha treni kwa macho. Hilo lisikutishe, kwani hakuna anayepima ujuzi wako wa reli. Unaanza: "Auf dem Foto sehe ich einen Bahnsteig. Im Vordergrund steht eine junge Frau. Sie hat einen großen Koffer dabei und schaut auf ihr Handy. Neben ihr sitzt ein älterer Mann auf einer Bank. Er liest eine Zeitung. Im Hintergrund kommt ein Zug." Hizo ni sentensi sita, na mwanamke amemalizwa kabla ya mzee kuanza.

Kama neno "Bahnsteig" halikuji, usisimame kulitafuta. Sema "ein Ort, wo man auf den Zug wartet", mahali mtu anapongojea treni. Mtahini hakupunguzii kwa kuzunguka neno hivyo, bali anaona kwamba unajua kujiokoa. Kinachokuumiza ni kunyamaza, au kuingiza neno la Kifaransa ukitumaini litaeleweka. Kwa vitu vya mkononi tumia "ein Ding, mit dem man", kitu ambacho kwacho mtu hufanya jambo fulani, kisha umalizie na kitenzi. Jizoeze hivyo kwa vitu vya nyumbani kwenu: kinu, mbuzi ya nazi, karabai. Baada ya wiki chache utakuwa huogopi tena kukosa neno.

Halafu unakisia. "Die Leute tragen dicke Jacken, also ist es wahrscheinlich Winter." Watu wamevaa makoti mazito, kwa hiyo yaelekea ni majira ya baridi. "Die Frau sieht müde aus. Vielleicht hat der Zug Verspätung. Ich glaube, dass sie schon lange wartet." Mwanamke anaonekana amechoka, huenda treni imechelewa, nadhani amengoja muda mrefu. Kumbuka kwamba "aussehen" hugawanyika na kipande cha "aus" kinakwenda mwisho. Wengi hukisahau, na bila hicho sentensi humaanisha kwamba mwanamke anaona.

Hapa mtahini anauliza: kwenu watu husafirije, na wewe umewahi kungoja hivyo? Hili ndilo swali nililotaka uliandalie tangu mwanzo. Jibu linaweza kuwa hili: "In meinem Heimatland Burundi gibt es keine Züge. Ich komme aus Rumonge, das ist eine Stadt am Tanganjikasee. Wir fahren mit dem Minibus nach Bujumbura. Der Bus fährt erst ab, wenn alle Plätze besetzt sind. Manchmal gibt es kein Benzin, und dann muss man lange warten." Basi haliondoki mpaka viti vijae, na pengine hakuna mafuta, hivyo mtu hungoja sana. Mtahini wa Kijerumani hajawahi kungoja basi lijae, na ataelewa mara moja kwa nini umeoanisha jambo hilo na mwanamke wa kwenye picha. Kutoka hapo unasimulia mara moja uliyoipitia: "Einmal bin ich um sechs Uhr zur Haltestelle gegangen und erst am Mittag abgefahren."

Katika sentensi hiyo ya mwisho wakati umebadilika. Picha huelezwa kwa wakati uliopo, yaliyokupata husimuliwa kwa wakati uliopita, na mpito huo ni mahali pa kuteleza. Anayeendelea na wakati uliopo huonekana hawezi kusimulia. Anayebadilisha bila kujiandaa hutumia "habe" kila mahali na kusema "ich habe gefahren" kwa safari yake. Vitenzi vya kwenda, kuja, kusafiri, kuondoka na kubaki huchukua "bin". Andaa kisa kimoja cha kweli kwa kila eneo la maisha, safari, kazi, sherehe, ugonjwa, shule, ununuzi, chakula, na ukisimulie mpaka vitenzi vyake vimekaa sawa. Visa saba au vinane hivyo vitakufaa kwa picha nyingi mno, kwa kuwa mada za mtihani huzunguka maisha ya kila siku. Lakini usikariri maelezo yote neno kwa neno. Mtahini akikukatiza kwa swali, aliyekariri hupoteza uzi na hawezi kurudi.

Kwa mada ya safari, mtu wa ziwani ana kisa ambacho Mjerumani hupenda kusikiliza. Meli ya Liemba, iliyofika Bujumbura miaka mingi kutoka Kigoma, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka uliofuata wakati wa vita. Iliopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. "Das Schiff wurde 1913 in Deutschland gebaut" ni sentensi fupi yenye muundo wa kutendwa, na inakuja yenyewe ndani ya habari unayoijua. Ndiyo faida ya kuzungumzia kwenu: sarufi ngumu inapata mahali pa kukaa.

Matamshi yana alama 16 kati ya 100 kwenye mtihani wa Goethe, na sisi wa ufukwe huu tuna mtaji tusioutumia. Sauti ya "ü" ni ile ya "u" ya Kifaransa katika "rue". Ile ya "ö" iko karibu sana na "eu" ya "peu". Aliyepita shule ya Burundi ameshazisikia zote mbili tangu utotoni. Aliyesoma madrasa ana "kh" ya Kiarabu, na hiyo ndiyo "ch" ya "Buch" na "acht". Ile ya "ich" ni laini zaidi: nong'ona "yi" bila kuitoa sauti, na utaipata. Hatari yetu iko kwingine. Mwenye Kirundi kinywani huchanganya l na r, na kwa Kijerumani "Reise" ni safari wakati "leise" ni kimyakimya, "Rand" ni ukingo na "Land" ni nchi. Pia tunapenda kumalizia neno kwa irabu, tukageuza "Markt" kuwa "Marketi". Chukua picha ya soko, eleza kwa dakika moja, kisha sikiliza rekodi ukitafuta makosa hayo mawili tu na kuyaacha mengine yote kwa siku hiyo. R ya kugonga kwa ulimi haina shida, na Wajerumani wa kusini huitamka hivyo.

Kuhusu mahali pa kufanyia mtihani, Goethe ana vituo Kigali, Dar es Salaam na Nairobi. Tangu Januari 2024, serikali ya Burundi ilipofunga mpaka na Rwanda, wengi wa Rumonge huifikiria zaidi Dar es Salaam, kwa kupita Mugina na Manyovu hadi Kigoma. Thibitisha tarehe na nafasi na kituo chenyewe kabla ya kulipa nauli. Mtihani umegawanywa sehemu nne, na ukishindwa kuzungumza peke yake unaweza kurudia sehemu hiyo tu, jambo la kuzingatia kwa anayesafiri mbali hivyo. Kwa kusikiliza nyumbani, kozi ya bure ya Deutsche Welle iitwayo Nicos Weg inafika mpaka B1, na Goethe huweka mtandaoni mtihani wa mfano. Vipakue vyote siku ukiwa na umeme na mtandao mzuri.

Limebaki jambo la malezi, na nalisema kwa heshima kwa sababu malezi yetu ni mema. Tumefundishwa kutomkatiza mtu, kutompinga aliyetuzidi umri, na kukubali kwa upole. Kwenye sehemu ya kupanga pamoja, mwenzako anaweza kuwa mama wa makamo kutoka Morogoro na wewe una miaka ishirini. Ukikubali kila anachosema kwa "ja, gut", hakuna mazungumzo, na wote wawili mnapoteza alama, kwa kuwa watahini wanataka kusikia pendekezo, pingamizi na mapatano. Pinga kwa adabu: "Das ist eine gute Idee, aber am Samstag kann ich leider nicht. Können wir am Sonntag gehen?" Umesifu wazo, umetoa sababu, umeleta jingine. Hakuna mzee wa pande zetu angeliona hilo kuwa utovu wa heshima. Na akinyamaza yeye, muulize "Was meinen Sie?", maana kumsaidia mwenzako aendelee kunahesabika kwako pia.

Vivyo hivyo baada ya mada ya mwenzako, unatakiwa umwambie neno na umuulize swali moja. Wengi huwa hawakusikiliza kwa sababu walikuwa wakipitia maelezo yao wenyewe kichwani, kisha huuliza jambo ambalo limeshajibiwa. Wakati anaongea, shika kitu kimoja alichosema kuhusu nchi yake au maisha yake, na uulize juu ya hicho. Akisema Morogoro watoto hupewa simu wakiwa wadogo, swali lako liko tayari: "Sie haben gesagt, dass viele Kinder in Morogoro ein Handy haben. Was machen die Kinder damit?" Akikuuliza wewe na hukuelewa, usibahatishe. Mwambie "Könnten Sie die Frage bitte wiederholen?", ungoje arudie, ndipo ujibu.